Shangazi, barua yangu haina hata mstari mmoja wa uzoefu

Mwanangu wa Tunduma,

Barua yako imenifikia, pamoja na ile ya maombi ya kazi uliyoiambatanisha ukaniomba nisicheke. Nimejitahidi.

Unasema uko mwaka wa pili, unasoma uchumi, na unataka fildi yako ya Julai hadi Septemba uifanyie Dar es Salaam kwenye kampuni ya uwekezaji. Umeandika barua, umeifuta, umeiandika tena. Kila ukifika pale pa kueleza umewahi kufanya kazi wapi, mkono unakataa, kwa sababu hujaajiriwa hata siku moja. Wenzako wa Dar, unasema, wana wajomba kwenye mabenki, na wewe una mama anayeuza mchele wa jumla mpakani. Kwa hiyo unaniuliza kama usubiri hadi mwaka wa tatu. Halafu chini kabisa, kama mtu anayenong'ona, unauliza kama kuna ubaya "kuongeza chumvi kidogo".

Usisubiri, na chumvi iache jikoni.

Tuanze na barua uliyoandika. Inafungua hivi: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 21, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu na chini ya usimamizi mdogo." Mazingira magumu yapi, mwanangu? Unaomba kukaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Na mwanafunzi wa fildi anayetaka usimamizi mdogo ndiye hasa anayemtia hofu bosi. Sentensi hizi umezirithi kwa kaka zako, nao walizirithi kwa kaka zao, na msomaji wa barua hizo amezikuta nyingi mno hata macho yake yanaziruka yenyewe. Aya ya pili ndiyo iliyonisikitisha: "Ingawa sina uzoefu wowote, naomba mnisaidie ili nami nitimize ndoto zangu." Hapo umemkabidhi mtu usiyemjua sababu ya kukukataa, kisha ukamwomba huruma. Huenda huruma anayo, ila si kwa ajili hiyo alikaa kusoma maombi.

Unadhani anatafuta uzoefu. Mtu wa mwaka wa pili hategemewi kuwa nao. Akiutaka atatangaza ajira. Fikiria atakachokupa ufanye wiki ya kwanza. Atakuambia uingize bei za kufunga soko kutoka taarifa ya kila siku ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kwenye jedwali la Excel. Atakupa hesabu za robo mwaka za benki fulani, zile zinazochapwa magazetini, utoe faida, mikopo na amana uziweke safu kwa safu na za robo iliyopita. Utapanga fomu za wateja na kuangalia kama kuna nakala ya kitambulisho inayokosekana. Hakuna hata moja inayohitaji mtu aliyewahi kuajiriwa. Zinahitaji mtu ambaye akiandika 450 mahali pa 540 ataligundua kosa mwenyewe kabla ya bosi, na ambaye tarakimu ikimshangaza atauliza kwa nini. Barua yako ina kazi moja tu, kumwonyesha msomaji kwamba mtu huyo ni wewe.

Na ushahidi unao. Umeuandika kwa bahati mbaya, kwenye barua yangu badala ya barua yao. Umesema: "Likizo huwa namsaidia mama kuandika daftari, maana Wazambia wengi wanachukua nusu kwa mkopo na wanalipa kwa kwacha, lakini hiyo si kazi." Nilipofika hapo niliweka chai chini.

Tufanye hesabu pamoja. Nachukua tarakimu za mviringo, wewe utaweka zenu. Mama ananunua magunia kumi ya mchele wa Usangu, ya kilo mia mia, na yanamgharimu shilingi 2,000,000 hadi yafike ghalani. Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayachukua kwa kwacha 22,000. Siku hiyo kwacha moja ni shilingi 100, kwa hiyo mauzo ni shilingi 2,200,000 na faida inaonekana kuwa 200,000. Lakini mteja analipa nusu, kwacha 11,000, na nusu nyingine ataleta baada ya mwezi. Mwezi unapita, kwacha imeshuka hadi shilingi 94. Zile kwacha 11,000 zilizobaki sasa ni shilingi 1,034,000, wakati daftari lilizitegemea ziwe 1,100,000. Shilingi 66,000 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba.

Kwacha imeshuka kwa asilimia 6 tu, tena kwenye nusu tu ya mauzo, lakini faida ya mama imepungua kwa theluthi nzima, kutoka 200,000 hadi 134,000. Sababu ni kwamba faida ni tabaka jembamba lililokaa juu ya gharama, na hasara yote inaangukia tabaka hilo, kwa kuwa mchele ulishalipiwa. Sasa piga hesabu kinyumenyume: kwacha ishuke hadi wapi ndipo mama asipate kitu? Anahitaji shilingi 900,000 kutoka kwenye zile kwacha 11,000, maana yake takriban shilingi 82 kwa kwacha moja. Ukijua namba hiyo unaweza kumshauri mama nani akopeshwe, kwa muda gani, na bei ya mkopo izidi ya taslimu kwa kiasi gani.

Meneja wa mfuko mwenye dhamana za nchi mbili anajiuliza maswali hayohayo, ila sifuri zake ni nyingi. Darasani umefundishwa kwamba thamani ya fedha hubadilika. Kwenu Tunduma umeiona ikibadilika ndani ya daftari la mama yako. Na unajua inakotoka: malori ya shaba yanayopanga foleni kuingia kwenu ndiyo yanayoiletea Zambia dola, hivyo bei ya shaba ikitetereka duniani, kwacha nayo huyumba. Mwaka 2021, baada ya uchaguzi wa Agosti, kwacha ilipanda kwa kasi, na aliyekuwa na mkopo wa kwacha mikononi mwa wateja alichekelea. Baadaye ikashuka tena, na ukame wa 2024 ukaiongezea mzigo. Mwanafunzi wa Masaki atayasoma haya kwenye kitabu. Wewe yanakuamulia kama nauli ya kurudi chuo ipo.

Sasa kuhusu chumvi. Usiandike kwamba ulikuwa "meneja wa fedha wa kampuni ya familia". Msomaji atauliza swali moja kuhusu idadi ya wafanyakazi na utabaki unaangalia viatu. Andika kwamba ulitunza daftari la mauzo wakati wa likizo, kwa sababu ndicho ulichofanya, na kinatosha.

Kuna na lile la binamu yako anayebadilisha fedha pale mpakani, ambaye umesema ulimshikia mkoba wiki mbili. Hilo liache kabisa nje ya barua. Biashara ya kubadilisha fedha za kigeni inahitaji leseni ya Benki Kuu, na wale wa mkononi hawana. Kampuni unayoiomba inaishi kwa leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na ina mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeihatarisha leseni hiyo. Unaweza kudhani unaonyesha ujanja wa soko, kumbe umemwonyesha mtu huyo kwamba huoni mstari ulipochorwa. Ukiulizwa ana kwa ana usidanganye, ila usijipeleke.

Jambo lingine, barua yako umepanga kuituma sehemu tano bila kubadilisha kitu, kwa "kampuni yenu tukufu ya uwekezaji". Nimeangalia orodha yako. Wa kwanza ni UTT AMIS, ambayo hukusanya fedha za watu wengi, ikawauzia vipande vya mifuko kama ule wa Umoja ulioanza 2005, kisha yenyewe ikaamua fedha hizo ziwekwe wapi. Wawili ni madalali wa soko la hisa, ambao hununua na kuuza kwa agizo la mteja na kulipwa komisheni. Wa nne ni mfuko wa hifadhi ya jamii, unaowekeza michango ya wafanyakazi leo ili walipwe pensheni miaka mingi ijayo. Na wa tano, mwanangu, ni ofisi ya serikali inayosajili na kuhudumia wawekezaji wanaotaka kujenga viwanda. Yenyewe hainunui hisa. Neno "uwekezaji" mlangoni limekuponza. Ondoa hiyo ya tano, na kwa hizo nyingine uandike sentensi moja inayoonyesha unajua wanaishi kwa kufanya nini. Kwa dalali, zungumzia wateja na maagizo yao. Kwa mfuko wa pensheni, zungumzia muda mrefu. Sentensi moja inatosha, ila iwe ya kwao tu.

Nakushauri pia uambatanishe ukurasa mmoja wa hesabu yako mwenyewe, kuhusu hisa moja tu. Usijaribu kuchambua soko zima. Chukua CRDB, kwa kuwa taarifa zake zinapatikana kirahisi. Kwa mwaka wa fedha wa 2023 benki hiyo ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa. Tuseme ungeinunua kwa shilingi 500. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni linakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo mkononi unapata shilingi 47.50, sawa na asilimia 9.5 ya ulichotoa. Iweke pembeni mwa hatifungani ya serikali ya miaka 25, ambayo Aprili 2022 ilipewa riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Mwanafunzi mvivu anaishia hapo na kutangaza kwamba hatifungani imeshinda.

Wewe endelea hatua moja. Riba ya hatifungani haitaongezeka hata senti hadi iive, wakati gawio lile la CRDB lilikuwa shilingi 8 tu kwa mwaka wa 2018, likafika 36 kwa mwaka wa 2021 na 45 kwa mwaka wa 2022. Swali linageuka: gawio lipande hadi ngapi ndipo aliyenunua kwa 500 alingane na mwenye hatifungani? Asilimia 12.56 ya 500 ni shilingi 62.80, ukirudisha ile kodi ya asilimia 5, linahitajika gawio la takriban shilingi 66 kwa hisa. Kwa mwaka wa 2024 walitoa 65. Andika hivyo, kisha uongeze mstari unaosema ni kitu gani kingeweza kulirudisha chini, kwa mfano mikopo isiyolipika kuongezeka, kwa sababu benki iliyowahi kutoa 8 haijaapa kutotoa 8 tena. Mstari huo wa mashaka utakuongezea heshima kuliko hesabu yote iliyoutangulia.

Ila jihadhari na mtego mmoja ambao wengi huingia. Wanachukua bei ya leo na gawio ambalo daftari la wanahisa limeshafungwa. Ukinunua baada ya tarehe hiyo, gawio linakwenda kwa aliyekuuzia, na mara nyingi bei huwa imeshuka kidogo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo juu ya ukurasa wako andika tarehe ya bei uliyotumia. Anayeijua kazi ataitafuta tarehe hiyo kabla ya kusoma kitu kingine.

Barua yenyewe basi iwe namna hii, na isizidi ukurasa:

"Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane katika idara yenu ya uwekezaji, kuanzia Julai. Nasoma mwaka wa pili wa shahada ya uchumi na sijawahi kuajiriwa.

Tangu nilipomaliza kidato cha sita, kila likizo natunza daftari la mauzo ya mchele ya mama yangu mjini Tunduma, ambako wateja wengi hulipa kwa kwacha na nusu ya malipo huchelewa mwezi mmoja. Niligundua kwamba kwacha ikishuka kwa asilimia 6 kabla ya malipo ya pili, theluthi ya faida ya mzigo hupotea. Nikakokotoa kiwango ambacho faida yote ingekwisha, ili kitusaidie kuamua nani akopeshwe na kwa muda gani.

Nimeambatanisha ukurasa mmoja unaolinganisha gawio la CRDB na riba ya hatifungani ya miaka 25, pamoja na mambo yanayoweza kuifanya hesabu yangu isisimame. Ningependa kujifunza jinsi ninyi mnavyofanya uamuzi wa aina hiyo kwa niaba ya watu wenye vipande kwenye mifuko yenu.

Barua ya utambulisho ya chuo imeambatanishwa. Nina mahali pa kuishi Dar es Salaam kwa kipindi chote hicho."

Umeona ile "sijawahi kuajiriwa"? Imesemwa mara moja, kwa maneno mawili, bila kuombewa msamaha, na sentensi inayofuata inatembea. Sijaandika kwamba wewe ni mwaminifu wala mchapakazi. Msomaji atalifikia hilo mwenyewe akiona daftari. Na ile aya ya tatu ni ya meneja wa mifuko. Kwa dalali mwisho wake utabadilika. Ofisi nyingi za fedha Dar hupokea barua kwa Kiingereza, kwa hiyo yatunge mambo haya upya kwa Kiingereza chako cha kawaida, usitafsiri maneno yangu moja moja. Tuma kama PDF, jina lako liwe kwenye jina la faili, na jina la anayeandikiwa uwapigie simu wakutajie. Katibu muhtasi atakutajia, na si lazima umweleze maisha yako yote.

Umeniambia pia kwamba "nafasi hizi zina wenyewe". Baadhi ndiyo, zinao, siwezi kukuficha. Kuna atakayeingia kwa simu ya mjomba na hatajua hatifungani ni nini. Hilo linauma, na una haki ya kulikasirikia jioni moja. Lakini wewe nawe una watu. Mhadhiri aliyekusahihishia kazi ya takwimu anaweza kuwa na wanafunzi wake wa zamani kwenye ofisi hizo. Mpelekee ule ukurasa wa CRDB aukosoe, kisha umuulize kama kuna anayeweza kuusoma. Ombi la mtu mwenye kazi mkononi ni jepesi kulitimiza kuliko la mtu anayesema "nisaidie, mwalimu". Tuma mapema, ikiwezekana kabla ya Aprili. Wakinyamaza wiki mbili, wapigie. Na kama chuo chenu kinashiriki shindano la wanafunzi la Soko la Hisa, lile la kuwekeza kwa mtaji wa kufikirika, jiandikishe na uweke kumbukumbu ya kila ulichonunua na sababu yake, hata ukishika mkia. Sababu zako ndizo zitakazoulizwa.

Lililobaki ni la nyumbani. Nafasi nyingi za namna hii hazilipi, au zinalipa nauli ya daladala tu. Kutoka Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900, na ile sentensi ya "nina mahali pa kuishi" lazima iwe kweli kabla hujaiandika. Zungumza na mama sasa, si Juni: nani atakupokea, chakula kitatoka wapi, na daftari litashikwa na nani wakati mchele mpya unaingia. Na zile tarakimu unazotaka kuzipeleka Dar ni za biashara yake. Mwombe ruhusa. Akisita, weka asilimia tu, uache shilingi na majina ya wateja. Theluthi ya faida inaeleweka bila kumwambia mtu faida yenyewe ni kiasi gani.

Shangazi